Mstari Mweusi Kwenye Eksirei ya Mkono wa Mtoto: Mwongozo Kamili wa Kutofautisha Bamba la Ukuaji na Mvunjiko

Swali ni lile lile kila mara. Mtoto ameanguka, amepigwa picha, daktari amesema mfupa haukuvunjika. Mzazi akifika nyumbani anainua picha kwenye mwanga na kuuona mstari mweusi umekata mfupa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, karibu kabisa na kifundo cha mkono. Usingizi unaisha hapo. Kesho yake anazunguka na picha kutafuta daktari wa pili, au anamfunga mtoto mkono ambao hauna kitu.

Kuna kundi la pili, nalo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Hawa walishaelezwa habari za bamba la ukuaji, yaani sehemu inayourefusha mfupa wa mtoto na ambayo kwenye picha huonekana kama mstari mweusi, wakatulia kupita kiasi. Sasa kila mstari kwao ni bamba, na mvunjiko wa kweli, ambao kwa watoto mara nyingi hauna mstari wowote mweusi, unawapita machoni.

Mwongozo huu unashughulikia sehemu moja tu: kifundo cha mkono cha mtoto wa miaka 5 hadi 14 aliyeanguka akajikinga kwa kiganja. Hapo ndipo watoto huvunjika mara nyingi kuliko karibu mahali pengine popote mwilini, na hapo ndipo mstari mweusi unapoonekana wazi zaidi. Mwishoni nitataja kwa kifupi sehemu nyingine tatu zinazodanganya hata macho yaliyozoea.

Lengo si kukufanya msomaji wa eksirei. Lengo ni urudi kwa daktari na swali sahihi, au usirudi kabisa kama hakuna cha kurudia.

## Kabla ya kushika picha

Mambo yafuatayo hayangojei kusoma mwongozo. Mtoto apelekwe hospitali mara moja ikiwa:

- mkono umepinda au umekaa vibaya ukilinganisha na mwingine;
- kuna kidonda karibu na mahali panapouma, hata kidogo kama tundu la msumari;
- vidole vimekuwa vya baridi, vimepauka au vina ganzi;
- maumivu yanazidi badala ya kupungua, na mtoto analia ukimnyoosha vidole taratibu;
- ana homa na anakataa kabisa kuutumia mkono, iwe alianguka au hakuanguka.

Katika hali yoyote kati ya hizo usiuvute mkono wala kuuchua. Uegemeze kwenye kitu kilichonyooka, ufunge bila kukaza, mwende.

## Vitu vya kuwa navyo

Picha zote mbili. Kifundo hupigwa angalau kwa pande mbili: moja kiganja kikiwa kimelala, nyingine mkono ukiwa umesimama kwa ubavu. Ukiwa na moja tu, utafika nusu ya kazi.

Picha yenyewe, si picha ya picha. Filamu, au faili uliyopewa na hospitali. Picha ya simu iliyopigwa kutoka kwenye skrini hufuta kingo nyembamba, na kingo ndizo tutakazozitegemea. Filamu itazame mbele ya skrini nyeupe ya kompyuta, si mbele ya taa ya balbu inayoangaza sehemu moja na kuacha nyingine gizani.

Umri wa mtoto kwa miaka na miezi, na kama ni msichana au mvulana.

Maandishi ya ripoti, kama yapo.

Mtoto mwenyewe, akiwa ameshiba na ametulia. Hiki ndicho kifaa muhimu kuliko vyote, na ndicho wazazi wengi hukisahau.

Kalamu ya wino unaofutika, ya kuweka alama kwenye ngozi. Usichore kwenye filamu.

## Huo mstari ni nini

Maelezo mafupi, maana hatua zote zinayategemea.

Mfupa mrefu wa mtoto una mwili na una kichwa, na kati ya viwili hivyo kuna tabaka jembamba la gegedu, ile nyama ngumu inayonyumbulika kama iliyo kwenye sikio. Tabaka hilo ndilo bamba la ukuaji. Seli zake hugawanyika, zile za upande wa mwili wa mfupa hugeuka kuwa mfupa mpya, na hivyo mkono hurefuka.

Miale ya eksirei huzuiwa na kalsiamu iliyo kwenye mfupa, ndiyo maana mfupa huonekana mweupe. Gegedu la bamba halina kalsiamu ya kutosha, kwa hiyo miale hupita na kuacha nafasi nyeusi. Mvunjiko nao huacha nafasi nyeusi. Picha haina rangi ya tatu ya kukuonyesha gegedu, na kuchanganyikiwa kote kunatokana na hilo tu.

Ndiyo maana pia ripoti haikuutaja. Msomaji wa picha haandiki kuwa ameona bamba la ukuaji kwa mtoto wa miaka 9, kwa sababu angeandika tu kama lingekosekana au lingekuwa na kasoro. Ukimya wa ripoti juu ya mstari uliouona haumaanishi kwamba haukuonekana.

## Hatua ya 1: Tafuta mahali mtoto anapoumia, kwa kidole kimoja

Weka picha pembeni kwanza. Mkalishe mtoto, mkono wake uegemee juu ya mto. Anza na mkono usioumia, bonyeza kifundo polepole ili ajue utafanya nini. Kisha nenda kwenye mkono ulioumia, ukianzia mbali, karibu na kiwiko, ukishuka kwa ncha ya kidole kimoja, sentimita moja baada ya nyingine. Bonyeza kama unavyobonyeza swichi ya taa, usizidishe. Zunguka pande zote: upande wa kidole gumba, upande wa kidole kidogo, mgongoni, na upande wa kiganja.

Usimuulize "hapa panauma?" Mtoto mdogo atasema ndiyo kila mahali ili umwachie. Mwangalie usoni. Uso hukunja kabla mdomo haujasema.

Kwa nini tunaanza hapa: bamba la ukuaji lililo zima haliumi. Mfupa uliovunjika unauma ukiubonyeza, na unauma mahali pale pale kila mara. Ukianza na picha, jicho lako litakimbilia mstari, kisha kidole nacho kitakwenda kutafuta maumivu pale jicho lilipokwisha kuamua.

Tahadhari: kama uvimbe ni mkubwa au mtoto hataki kuguswa kabisa, acha. Hilo lenyewe ni jibu: anahitaji daktari, si kidole chako.

Umefaulu ikiwa: umeweza kuweka nukta moja ya kalamu mahali panapouma kuliko pengine pote, na ukirudia baada ya dakika kumi unaangukia pale pale. Ukishindwa kupapata kwa sababu maumivu yanahama au hayapo, kumbuka hilo pia.

## Hatua ya 2: Hakikisha unatazama mkono unaopaswa

Soma jina, tarehe na herufi iliyo pembeni mwa picha: R ni kulia, L ni kushoto. Inaonekana jambo la kijinga, lakini familia yenye watoto wawili waliowahi kuvunjika huwa na bahasha mbili kabatini.

Kisha tambua mifupa miwili ya mkono. Mnene zaidi kwenye kifundo ni ule wa upande wa kidole gumba; mwembamba ni ule wa upande wa kidole kidogo. Mbele yake kuna kundi la mifupa midogo ya duara ya kifundo. Kwa mtoto mdogo mifupa hiyo huonekana kama imetawanyika na kuacha nafasi kubwa katikati. Haijaachana. Sehemu kubwa yake bado ni gegedu, na gegedu halionekani. Kadiri miaka inavyokwenda, nafasi hizo hujaa zenyewe.

## Hatua ya 3: Uulize mstari maswali manne

Sasa utazame ule mstari mweusi ulioukosesha moyo wako utulivu.

Upo wapi? Bamba la ukuaji lina makazi yake. Kwenye mfupa wa upande wa gumba hukaa karibu kabisa na mwisho wa mfupa, takriban sentimita moja kabla ya kiungo, nalo hukata mfupa kutoka ukingo hadi ukingo. Mstari ulioko katikati ya mkono si bamba, hata uwe mzuri namna gani.

Umri unaruhusu? Kichwa cha mfupa wa upande wa gumba huanza kuonekana mtoto akikaribia mwaka 1 au baada kidogo. Cha upande wa kidole kidogo huchelewa hadi karibu miaka 5 au 6, na mara nyingine 7. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 anaweza kuwa na mstari kwenye mfupa mmoja na mfupa wa pili ukaonekana umekatika butu bila kichwa. Hiyo ni kawaida, na huwatisha wazazi maradufu. Mabamba haya hufunga ujanani, kwa wasichana miaka kama miwili mapema kuliko wavulana. Linapofunga, halifungi kwa siku moja: sehemu huungana na sehemu hubaki wazi, kwa hiyo kijana anayekaribia kumaliza kukua anaweza kuwa na mstari mfupi usiofika ukingoni, unaofanana sana na ufa.

Kingo zake zikoje? Hapa sogeza jicho karibu. Bamba la ukuaji lina mawimbi mapole, na pembeni mwake, hasa upande wa mwili wa mfupa, kuna utepe mwembamba mweupe zaidi ya mfupa wenyewe. Utepe huo umejengwa kwa muda, ni mahali kalsiamu inapowekwa. Ufa mpya haujapata muda wa kujijengea utepe. Kingo zake ni kali, zenye meno, na hazina uweupe wa ziada.

Upana wake unalingana? Kwenye picha ya kiganja kilicholala, mstari wa bamba huwa na upana unaokaribiana toka ukingo mmoja hadi mwingine. Ukiona upande mmoja umefunguka waziwazi kuliko mwingine, liandike kama swali la kumuuliza daktari.

Jambo moja huwaponyoka wengi. Bamba si kitu bapa kilichonyooka. Limepinda kidogo, na miale ikilipita kwa pembe huchora ukingo wake wa mbele na wa nyuma mahali tofauti. Matokeo yake ni mistari miwili badala ya mmoja. Kabla hujasema mmoja ni bamba na wa pili ni ufa, tazama picha ya ubavu. Mara nyingi utakuta kule mstari ni mmoja.

Umefaulu ikiwa: unaweza kusema kwa sentensi moja mstari upo wapi, kama umri wa mtoto unaruhusu, na kama kingo zake ni laini zenye utepe mweupe au ni kali.

## Hatua ya 4: Acha mstari, fuata ukingo wa mfupa

Kama utakumbuka hatua moja tu, iwe hii.

Mfupa wa mtoto haujakauka kama wa mtu mzima. Ukisukumwa kutoka mwisho, kama inavyotokea mtoto anapoangukia kiganja, mara nyingi haupasuki. Hujikunja. Ganda lake la nje hubonyea na kufanya kinundu, ndani hakuna ufa unaoonekana, na picha haina mstari mweusi wowote wa kukutisha. Mzazi anayetafuta mstari atauona wa bamba, ambao ni mzima, na atakiruka kinundu, ambacho ndicho jeraha.

Chukua ncha ya kalamu iliyofungwa kifuniko na uitembeze hewani juu ya picha, ukifuata ukingo mweupe wa nje wa mfupa wa upande wa gumba. Anzia katikati ya mkono, shuka kuelekea kiganjani. Ukingo unapaswa kwenda umenyooka, kisha kupanuka nje kwa mkunjo laini kadiri unavyokaribia bamba. Fanya hivyo kwa kingo zote mbili, halafu rudia kwenye picha ya ubavu. Picha ya ubavu ndiyo inayofichua zaidi, kwa sababu kinundu mara nyingi huwa upande wa mgongo wa mkono.

Unachotafuta ni mahali kalamu inaporuka: kinundu, pembe ndogo, au mkunjo unaovunja ule mteremko laini. Mara nyingi huwa sentimita 1 hadi 3 juu ya bamba, si kwenye bamba lenyewe.

Tahadhari: milimita chache za mwisho kabla ya bamba, ukingo wa mfupa huweza kubadili mwelekeo na kunyooka ghafla, na ikaonekana kama ngazi ndogo. Hiyo ni kawaida ya mfupa unaokua, hasa ikiwa ipo pande zote mbili za mfupa na mtoto haumii pale. Kinundu cha kweli huwa juu zaidi ya hapo na huandamana na nukta yako ya kalamu.

Umefaulu ikiwa: umezifuata kingo nne, mbili kwa kila picha, na unaweza kuonyesha kwa ncha ya kalamu mahali mkunjo ulipokatika, au kusema kuwa haukukatika popote.

## Hatua ya 5: Angalia kama kichwa kimekaa juu ya mwili wake

Bamba nalo huvunjika. Ni sehemu dhaifu ya mfupa unaokua, mara nyingi dhaifu kuliko kano zinazoshikilia kiungo, na nguvu ambayo kwa mtu mzima ingetegua kiungo inaweza kwa mtoto kupita kwenye bamba. Madaktari hupanga majeraha haya kwa mpango wa Salter na Harris, waliouchapisha mwaka 1963, wenye aina tano. Ukiona majina hayo kwenye ripoti, bamba limehusika, na mwongozo huu umekwisha kazi yake: fuata maelekezo ya daktari.

Kwenye picha ya ubavu, fuata ukingo wa mgongoni wa mwili wa mfupa ukivuka mstari mweusi hadi kichwani. Kichwa kinatakiwa kiendeleze mwelekeo ule ule. Kikiwa kimeteleza kuelekea mgongoni mwa mkono, hata milimita chache, utaona ngazi. Aina inayotokea zaidi, ya pili, huondoka pia na kipande cha pembetatu cha mwili wa mfupa kilichobaki kimeshikamana na kichwa.

Aina ya kwanza ndiyo yenye ujanja. Jeraha hupita ndani ya bamba tu, na kama kichwa hakikuhama, picha inaweza kuwa safi kabisa. Hapa ndipo nukta ya kalamu inapokuwa na thamani kuliko filamu.

## Hatua ya 6: Kutanisha nukta na picha

Weka mkono wa mtoto kando ya picha, ulinganishe nukta na mfupa. Kwa kawaida utaangukia mojawapo ya hali hizi.

Hapaumi kwenye mstari, na kingo ni laini. Mstari ni bamba. Daktari akisema hakuna mvunjiko, hii ndiyo picha aliyoiona. Mtoto atumie mkono kadiri anavyoweza, na maumivu yapungue siku hadi siku.

Nukta iko mbali kidogo na mstari, kuelekea kiwiko, palipo na kinundu. Mstari bado ni bamba, lakini mfupa umejikunja. Kama ripoti haikusema hivyo, rudi ukaulize.

Nukta iko kwenye bamba lenyewe, na picha ni safi. Usijitulize, wala usikimbilie picha ya pili leo. Daktari kwa kawaida atamfunga mtoto banzi kana kwamba bamba limeumia, kisha amtazame tena baada ya siku 7 hadi 14. Kufikia siku ya 10 au 14, kama palikuwa na mvunjiko, mara nyingi tabaka jembamba la mfupa mpya huanza kuonekana kama utepe mweupe kando ya ukingo. Kama maumivu yameisha na picha haina utepe, hapakuwa na kitu kikubwa.

Kichwa kimehama. Nenda hospitali leo. Bamba lililohama linarudishwa vizuri katika siku za mwanzo. Likipita wiki moja hadi siku kumi, tayari limeanza kuungana, na kulilazimisha kunaweza kuliumiza zaidi kuliko kuliacha.

## Mfano mmoja, mwanzo hadi mwisho

Mvulana wa miaka 9 na miezi 4 ameanguka kutoka kwenye baiskeli, akaangukia kiganja cha kushoto. Siku ya pili bado anaushika mkono. Anapigwa picha mbili, wanaambiwa wasubiri ripoti. Mama anaitazama picha ya kwanza kwenye korido na kuona mistari miwili myeusi, mmoja kila mfupa, imenyooka sambamba karibu na kiganja. Anaingia kwa daktari akisema mifupa yote miwili imekatika.

"Mama, niwekee kidole pale anapoumia," daktari anamwambia.

Mama anabonyeza kwenye mistari. Mtoto ametulia, anatazama dirishani. Anapandisha kidole upana wa vidole viwili kuelekea kiwiko, upande wa gumba, mgongoni mwa mkono. Mtoto anauvuta mkono.

Sasa picha. Kwa miaka 9, mifupa yote miwili inapaswa kuwa na vichwa, kwa hiyo mistari miwili ndiyo inayotarajiwa. Ungekuwa mmoja tu ndipo tungeshangaa. Kingo za mistari zina mawimbi na utepe mweupe. Upana ni ule ule toka ukingo hadi ukingo. Mstari umepita maswali yote manne.

Picha ya kiganja kilicholala haionyeshi mengine ya maana. Ile ya ubavu inaonyesha: ukingo wa mgongoni wa mfupa wa upande wa gumba unashuka vizuri, halafu, sentimita 2 hivi kabla ya bamba, unatoa kinundu kidogo na kuendelea. Upande wa kiganja haujapasuka. Kichwa kimekaa sawasawa juu ya mwili.

Mama alikuwa sahihi kwamba mkono umevunjika, na alikosea mahali. Tofauti hiyo si ndogo. Kama mistari miwili ingekuwa mivunjiko, mtoto angekabiliwa na majeraha ya bamba kwenye mifupa miwili, plasta, na miezi ya kufuatilia ukuaji. Mfupa uliojikunja, kinyume chake, ni imara. Hupona kwa wiki 3 hivi kwa banzi linalovuliwa nyumbani, na mara nyingi hauhitaji picha ya kurudia. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uliwalinganisha watoto wenye jeraha hili waliopewa bandeji laini na waliofungwa banzi au plasta, na maumivu siku ya 3 yalilingana.

Tofauti na hiyo, kama ukingo wa upande wa pili ungekuwa umepasuka pia, jina la jeraha lingebadilika na ulegevu huo usingefaa. Ndiyo maana kingo ni nne, na zote zinafuatwa.

## Maswali ya kumpelekea daktari

Swali "huu si ufa?" hukupa jibu la ndiyo au hapana na unaondoka na wasiwasi ule ule. Uliza hivi:

1. "Anaumia hapa, nilipoweka nukta. Kwenye picha, hapa ni wapi?"
2. "Ukingo wa mfupa ni laini kwenye picha ya ubavu?"
3. "Kama bamba limeumia lakini halionekani, tutajua lini?"

Wazazi wengi huomba mkono usioumia nao upigwe picha ili walinganishe. Wakati mwingine daktari hukubali, lakini mara nyingi hukataa, na ana sababu. Mionzi yake ni kidogo, ila haina faida kama swali limeshajibiwa kwa kidole na kwa umri. Tena mikono miwili ya mtoto mmoja si lazima ilingane kila kitu.

## Sehemu tatu zinazodanganya zaidi

Ukingo wa nje wa mguu. Kwenye mwanzo wa mfupa mrefu wa wayo unaoelekea kidole kidogo cha mguu, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 11 hivi na wavulana wa 11 hadi 14 hivi, hutokea kipande cha mfupa kama ganda, kimetengwa na mstari mweusi. Tazama mwelekeo: mstari wa ukuaji huenda sambamba na urefu wa mfupa, na mvunjiko wa hapo kwa kawaida huukata mfupa kwa upana. Vyote viwili vinaweza kuwepo kwa mtoto mmoja.

Bega. Bamba la juu ya mkono limeinuka katikati kama paa la hema, kwa hiyo picha moja huonyesha mistari miwili iliyoachana. Wasiozoea hudhani mmoja wao ni ufa.

Kiwiko. Usikisome nyumbani. Kina vituo sita vya ukuaji vinavyotokea kwa zamu, takriban kuanzia mwaka 1 hadi 11, na kipande kidogo kinachoonekana mahali pabaya kinaweza kuwa kituo halali au mfupa ulionyofoka na kunaswa ndani ya kiungo. Hata madaktari hukihesabu kwa utaratibu. Kiwiko kilichovimba baada ya kuanguka kinahitaji mtaalamu, picha iwe na ripoti safi au isiwe nayo.

## Miezi michache baadaye: mstari mweupe

Kama ilithibitika kuwa bamba liliumia, daktari atataka kumwona mtoto tena baada ya miezi kadhaa, mara nyingi kati ya 6 na 12, ahakikishe mfupa unaendelea kurefuka. Kwenye picha hiyo unaweza kukuta mstari mpya, safari hii mweupe, umeukata mfupa juu ya bamba. Nao huwarudisha wazazi mbio.

Mstari huo ni alama ya wakati ukuaji ulipopungua kwa sababu ya jeraha, kisha ukashika kasi tena. Upime kwa jicho dhidi ya bamba. Ukiwa sambamba nalo, nafasi kati yao ni sawa kote, basi bamba lote linakua kwa pamoja. Ukiwa umeinama, unagusa bamba upande mmoja na kuachana nalo upande mwingine, sehemu ya bamba imefunga kabla ya wakati na mfupa unaweza kukua ukipinda. Peleka picha hiyo kwa daktari wa mifupa wiki hiyo hiyo, pamoja na ile ya siku ya kwanza.